Asilimia 9 iliyogeuka 400: uchambuzi wa barua moja ya muhtasari wa mkataba wa mishahara

Kisa hiki ni changu. Wakati huo nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda kimoja chenye wafanyakazi mia tatu na kitu, na barua inayochambuliwa hapa niliiandika kwa mkono wangu. Jina la kiwanda, la chama na ya wahusika nimeyaondoa. Viwango vya mishahara nimevibadilisha vikawa tarakimu rahisi za kukokotoa, bila kutaja fedha ya nchi yoyote, lakini uwiano kati ya kiwango kimoja na kingine nimeulinda, kwa sababu ndio uliotuponza.

Usuli

Mkataba wa hali bora uliotangulia ulikuwa umekwisha tarehe 31 Desemba. Majadiliano ya mkataba mpya yalichukua miezi minne, na tulisaini tarehe 14 Machi. Kwa hiyo miezi miwili na nusu ilikuwa imeshapita watu wakilipwa kwa viwango vya zamani.

Jambo lingine la kulijua mapema ni posho ya gharama. Oktoba ya mwaka uliotangulia bei zilikuwa zimepanda, na mwajiri, baada ya kelele nyingi, alikubali kumlipa kila mfanyakazi 20,000 kwa mwezi, kiasi kimoja kwa wote, kuanzia mfagizi hadi fundi mkuu. Iliitwa posho ya muda. Ilipofika Machi watu walikuwa wameipokea mara sita, au wako mbioni kuipokea ya sita, na neno "muda" lilikuwa limeshasahaulika. Kwao ilikuwa sehemu ya mshahara.

Mkataba wenyewe ulikuwa na kurasa kumi na moja. Vifungu vinavyohusu fedha vilikuwa hivi, kwa maneno mepesi. Kifungu cha 3 kiliongeza mshahara wa msingi kwa asilimia 6 kuanzia 1 Januari, yaani kwa kurudi nyuma. Kifungu cha 4 kiliongeza asilimia 3 nyingine kuanzia 1 Julai, nayo ikokotolewe kwenye mshahara wa msingi wa 31 Desemba, si kwenye ule uliokwisha kupanda. Kifungu cha 5 kilipandisha posho ya nyumba kutoka 60,000 hadi 66,000 kuanzia 1 Aprili, bila kurudi nyuma. Kifungu cha 6 kilisema posho ya gharama itakoma kuanzia 1 Aprili kwa kuwa imezingatiwa katika nyongeza ya mshahara wa msingi. Kifungu cha 7 kilihusu malimbikizo: yalipwe pamoja na mshahara wa Aprili, yahusishe mshahara wa msingi na malipo yote yanayokokotolewa kutokana nao, na mwenye dai alilete ndani ya siku 60 tangu siku ya malipo. Mkataba ulihusu madaraja ya 1 hadi ya 5 tu, na ulikuwa wa miezi 24.

Barua ya kwanza

Tulisaini saa kumi jioni. Kufika saa moja usiku simu yangu ilikuwa na ujumbe usiohesabika, na karibu wote ulikuwa na swali lile lile: "Katibu, tumepata asilimia ngapi?"

Nilikaa kuandika usiku huo huo. Nakala iliyosainiwa ilikuwa bado kwa mwenyekiti, kwa hiyo niliandika kutokana na daftari langu la kikao. Barua ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo asubuhi ya tarehe 15, na sehemu yake muhimu ilisomeka hivi:

"Ndugu wafanyakazi wote, chama chenu kinayo furaha kuwaarifu kwamba baada ya majadiliano marefu tumefanikiwa kupata nyongeza ya mshahara ya asilimia 9 kuanzia Januari mwaka huu, pamoja na nyongeza ya posho ya nyumba. Malimbikizo yote yatalipwa mwezi Aprili. Mkataba ni wa miaka miwili. Mshikamano daima!"

Kuhusu posho ya gharama, barua ilinyamaza. Nisidanganye, haikusahaulika. Nilimpigia mwenyekiti, mtu mzima niliyemheshimu na ninayemheshimu hadi leo, nikamuuliza tuiwekeje. Akaniambia: "Katibu, mtu hasomi vifungu. Mtu anataka asilimia. Ukiwawekea hiyo posho pale, watasoma hasara na furaha yote itakwisha. Tutawaeleza kwenye mkutano." Niliona ana hoja. Mkutano wenyewe ulipangwa Aprili, ukaahirishwa kwa sababu ya oda kubwa iliyoingia, na haukufanyika.

Kilichofuata

Mshahara wa Machi ulilipwa tarehe 28 kwa viwango vya zamani, kama ilivyotarajiwa. Tarehe 28 Aprili ndipo fedha mpya ilipoingia, na siku hiyo nilishikwa mikono na watu mpaka nikaona haya. Mfanyakazi wa daraja la 3, mwenye mshahara wa msingi wa 400,000, alizoea kuona jumla ghafi ya 480,000 kwenye hati yake: msingi 400,000, nyumba 60,000, posho ya gharama 20,000. Aprili aliona 562,000. Hakuna aliyechambua mistari. Kiasi kilikuwa kikubwa kuliko kilichoahidiwa, na mtu akipata zaidi ya matarajio haulizi.

Tarehe 28 Mei mtu yule yule akaona 490,000.

Kabla ya saa sita mchana habari iliyozunguka kiwandani ilikuwa kwamba mwajiri amekata mishahara. Jioni ikabadilika: mwajiri amekata na chama kinajua. Kesho yake mtu mmoja wa ufungashaji, daraja la 1, akaniletea hati zake mbili, ya Machi na ya Mei, akaziweka mezani bila kusema neno. Ya Machi ilikuwa na ghafi ya 320,000. Ya Mei, 320,400. Ndipo akasema: "Kaka katibu, asilimia 9 ya kwangu ni hii mia nne?"

Sikuwa na jibu. Nilichukua kalamu nikaanza kukokotoa mbele yake, na kadiri nilivyokokotoa ndivyo nilivyoona kwamba kitengo cha mishahara hakijakosea hata senti moja.

Hesabu yenyewe

Inafaa kuipitia pole pole, kwa kuwa kila kitu kimo humo.

Daraja la 1 lilikuwa na mshahara wa msingi wa 240,000. Asilimia 6 yake ni 14,400, kwa hiyo msingi ukawa 254,400. Posho ya nyumba ikapanda kwa 6,000. Jumla ya kilichoongezeka ni 20,400. Kisha posho ya gharama ya 20,000 ikaondoka. Kilichobaki ni 400. Kwa daraja la 3, msingi ulipanda kwa 24,000 na nyumba 6,000, jumla 30,000; toa 20,000, kimebaki 10,000. Kwa daraja la 5, lenye msingi wa 900,000, kilibaki 40,000. Posho iliyoondolewa ilikuwa sawa kwa wote, ila nyongeza iliyokuja kuziba pengo lake ilikuwa ya asilimia, na asilimia humpa zaidi mwenye kikubwa. Aliyelipwa kidogo kuliko wote ndiye aliyelipia sehemu kubwa zaidi ya nyongeza yake mwenyewe.

Sasa tazama lililonishangaza mimi niliyekaa mezani miezi minne. Kwa mujibu wa mkataba, stahili ya mfanyakazi wa daraja la 3 kwa Januari, Februari na Machi ilikuwa 424,000 ya msingi, 60,000 ya nyumba na 20,000 ya gharama, yaani 504,000. Kuanzia Aprili stahili hiyo ilishuka hadi 490,000. Hata Julai, asilimia 3 ilipoongezwa, ilifika 502,000 tu, pungufu kwa 2,000 ya stahili ya Januari. Waliosema "mshahara umeshuka" walikuwa wakisema kweli kwa namna fulani, ingawa wao walilinganisha na Aprili. Kushuka huko hakukuonekana kwenye hati yoyote kwa sababu miezi mitatu ya stahili kubwa ilikuja kwa mkupuo, ndani ya mstari mmoja ulioandikwa "malimbikizo": 24,000 mara tatu, 72,000. Ukijumlisha mwaka mzima wa kwanza, daraja la 3 lilipata 5,994,000 badala ya 5,760,000 ya viwango vya zamani. Hiyo ni asilimia 4 na ushee. Barua yangu ilisema 9.

Mkataba haukuwa wa hovyo, na hili nililazimika kulisema mara nyingi baadaye. Posho ya muda mwajiri angeweza kuifuta siku yoyote. Haikuingia kwenye hesabu ya saa za ziada, wala kwenye michango ya pensheni, wala kwenye kiinua mgongo. Fedha iliyohamia kwenye mshahara wa msingi inaingia kote huko, na haiondoki bila mkataba mwingine. Tulijadili jambo hilo mezani, tukalipima, tukalikubali. Wafanyakazi hawakupewa nafasi ya kulipima kwa sababu hawakuambiwa kwamba lipo.

Uamuzi wa kuandika upya

Tarehe 30 Mei kamati ya tawi ilikutana wakati wa kubadilishana zamu. Wakati huo fomu 31 za kuacha kukatwa ada ya chama zilikuwa zimeshajazwa. Mawazo yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa kukaa kimya hadi Julai, asilimia 3 iingie na watu wapoe. La pili lilikuwa kuitisha mkutano na kueleza kwa mdomo. La tatu lilikuwa kuandika barua nyingine inayokiri kosa la kwanza.

Kimya kilikataliwa kwa kura nyingi. Mkutano peke yake nao ulikuwa na kasoro: tulikuwa na zamu tatu, na maneno ya mkutano wa asubuhi hufika zamu ya usiku yakiwa na sura nyingine. Tukaamua barua kwanza, mkutano baadaye, na mkutano uwe wa kuisoma barua ile ile kila zamu.

Tulikubaliana pia masharti kadhaa ya uandishi, na hapa nataka kueleza sababu zake. Barua ifuate siku za malipo, isifuate vifungu. Mkataba hupangwa kwa vifungu kwa sababu unaandikwa na watu wanaobishana juu ya jambo moja moja, lakini mfanyakazi ana hati moja kwa mwezi, na swali lake ni "tarehe 28 nitaona nini?" Kwa kuwa madaraja ni matano, barua iwe na nakala tano, kila moja na tarakimu za daraja lake. Takwimu ziwe za ghafi, kwa sababu makato hutofautiana; mwenye mkopo na asiye na mkopo hawatapata kiasi kimoja mkononi hata kama daraja ni moja. Na kila kinachokoma kitajwe kwa jina, kiasi na tarehe, mahali pale pale panapotajwa kinachoongezeka.

Rasimu niliipeleka kwa mhasibu wa mishahara nikamwomba akague hesabu tu. Mwenyekiti hakupenda; aliona ni kama kumwomba mwajiri ruhusa. Nilimwambia kwamba maneno ni yetu, ila tarakimu zitalinganishwa na hati zinazotoka kwenye kompyuta ya mhasibu, na zikipishana hata kwa mia mbili tumekwisha. Mhasibu alikuta kosa moja: nilikuwa nimekokotoa asilimia 3 ya Julai kwenye 424,000, nikapata 12,720, wakati kifungu cha 4 kilitaka msingi wa 31 Desemba, yaani 12,000 kamili. Tofauti ni 720 kwa mwezi. Ndogo, lakini Julai ingezaa kelele nyingine.

Kisha rasimu ilisomwa na watu watatu ambao hawakuwa kwenye kamati. Sikuwauliza kama wameielewa, maana kila mtu husema ndiyo. Niliwapa karatasi tupu nikawaomba waandike watakachoona kwenye hati zao za Juni na za Julai. Wawili walipata. Wa tatu, mama mmoja wa zamu ya usiku, aliandika sawasawa, kisha akanyanyua macho: "Na ovataimu yangu ya Januari je? Mbona nililipwa kwa mshahara wa zamani, na huku mnasema mshahara umepanda tangu Januari?"

Nikarudi kwenye kifungu cha 7. "Malipo yote yanayokokotolewa kutokana na mshahara wa msingi." Saa za ziada zimo. Kitengo cha mishahara kilikuwa kimelipa malimbikizo ya msingi peke yake, na hakuna aliyedai kwa sababu barua yangu ilisema "malimbikizo yote yatalipwa" bila kusema ni ya nini. Ilikuwa tarehe 6 Juni. Siku 60 tangu 28 Aprili zilikuwa zinakwisha tarehe 27 Juni.

Barua ya pili

Ilitoka tarehe 9 Juni. Hii hapa nakala ya daraja la 3, nikiwa nimeondoa majina:

"YAH: UTAKACHOLIPWA MWAKA HUU KWA MKATABA ULIOSAINIWA 14 MACHI

Ndugu mfanyakazi wa daraja la 3,

Tarehe 15 Machi niliwaandikia kwamba mshahara umepanda kwa asilimia 9 kuanzia Januari. Maelezo hayo hayakuwa sahihi, na sikuwaeleza kwamba posho ya gharama itakoma. Kosa ni langu na la kamati, si la kitengo cha mishahara. Barua hii inachukua nafasi ya ile.

Asilimia zinazotajwa hapa ni za mshahara wa msingi, ule mstari wa kwanza kwenye hati yako. Si za jumla unayolipwa.

Kinachoongezeka: mshahara wa msingi kutoka 400,000 hadi 424,000 kwa kazi ya kuanzia 1 Januari, kisha hadi 436,000 kwa kazi ya kuanzia 1 Julai. Posho ya nyumba kutoka 60,000 hadi 66,000 kwa kazi ya kuanzia 1 Aprili.

Kinachokoma: posho ya gharama ya 20,000. Mara ya mwisho ililipwa 28 Machi.

Jumla kabla ya makato, ukiwa hukufanya saa za ziada:
28 Januari, Februari na Machi: 480,000 kila mwezi.
28 Aprili: 562,000. Ndani yake 72,000 ni malimbikizo ya miezi mitatu na hayatarudi tena.
28 Mei na Juni: 490,000 kila mwezi.
28 Julai hadi Desemba: 502,000 kila mwezi.

Makato yanayokokotolewa kwa asilimia, ikiwemo ada ya chama, yamekatwa pia kwenye malimbikizo. Ndiyo maana Aprili makato yalikuwa makubwa.

Ulifanya saa za ziada kati ya Januari na Machi? Unadai tofauti, na bado haijalipwa. Kwa daraja lako ni 180 kwa kila saa ya ziada ya siku ya kawaida. Mpelekee mwakilishi wa zamu yako jina na idadi ya saa kabla ya 20 Juni. Baada ya 27 Juni mkataba hauruhusu dai hili.

Mishahara haitajadiliwa tena hadi mkataba uishe, 31 Desemba mwaka ujao.

Huu ni muhtasari. Panapopishana na mkataba, maneno ya mkataba ndiyo yanayofuatwa. Nakala kamili iko kwa mwakilishi wa kila zamu; muombe uisome."

Ile 180 ilitoka hivi. Mkataba uligawa mshahara wa mwezi kwa saa 200, na saa ya ziada ililipwa mara moja na nusu. Msingi wa 400,000 unatoa 2,000 kwa saa, mara moja na nusu ni 3,000. Msingi wa 424,000 unatoa 2,120, mara moja na nusu ni 3,180. Mama wa zamu ya usiku alikuwa na saa 96 katika miezi ile mitatu, na yeye ni wa daraja la 3: 17,280.

Matokeo

Dai la saa za ziada lilipelekwa kwa pamoja tarehe 12 Juni na nyongeza ya majina tarehe 20. Mwajiri hakubisha, alisema programu ya mishahara iliwekewa msingi mpya kuanzia Aprili na hakuna aliyeiagiza irudi nyuma kwenye saa za ziada. Fedha ililipwa pamoja na mshahara wa Julai.

Kati ya fomu 31 za kujitoa, 19 zilirudishwa na wenyewe. Kumi na mbili zilibaki, na tisa kati ya hizo zilikuwa za daraja la 1. Siwalaumu. Barua nzuri iliwaeleza kwa usahihi zaidi kwamba wamepata 400.

Kilichofaa, kilichoharibika, na kwa nini

Mzizi wa kosa la kwanza ni neno "mshahara". Mezani, kati ya wajumbe wa majadiliano, neno hilo lina maana ya mshahara wa msingi, na hatuoni haja ya kusema "wa msingi" kila mara. Nyumbani kwa mfanyakazi mshahara ni kile anachorudi nacho. Sentensi "mshahara umepanda kwa asilimia 9" inaweza kuwa karibu na kweli kwa maana ya kwanza na uongo kabisa kwa maana ya pili. Nimeona barua nyingi za matawi mengine tangu wakati huo, na mara nyingi kosa ni hili hili.

Kosa la pili ni kujumlisha asilimia zenye tarehe tofauti. Sita ya Januari na tatu ya Julai hazifanyi tisa ya Januari. Kwa mwaka wa kwanza, mshahara wa msingi ulipanda kwa asilimia 6 kwa nusu mwaka na 9 kwa nusu nyingine, wastani wa 7 na nusu. Tisa ilikuja kuwa kweli Julai. Mtu akisoma "asilimia 9 kuanzia Januari" akaenda kukopa kwa hesabu hiyo, na wapo waliofanya hivyo, deni linaanza kudai Mei.

Halafu kuna neno "kuanzia". Kwetu mshahara ulilipwa tarehe 28 ya mwezi ule ule, kwa hiyo "kuanzia 1 Aprili" na "mshahara wa Aprili" vilikutana. Mahali ambapo mshahara hulipwa tarehe 5 ya mwezi unaofuata, fedha ya kazi ya Aprili huingia Mei, na barua isiyotenganisha siku ya kazi na siku ya malipo italeta mgogoro mwezi mzima kabla fedha haijafika. Ndiyo sababu ya kuandika "kwa kazi ya kuanzia" mahali pa "kuanzia" tupu.

Kuhusu kuficha posho, mwenyekiti alikuwa sahihi kwamba watu wangesoma hasara. Alikosea kudhani kwamba kutosoma kungeizuia isionekane kwenye hati. Mapendekezo ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu mikataba ya pamoja, namba 91 ya mwaka 1951, yanazungumzia kuwawezesha wafanyakazi kuyajua maandishi ya mikataba inayowahusu, na Mkataba wa shirika hilo hilo namba 95 wa 1949 unataka mfanyakazi aarifiwe masharti ya mshahara wake yanapobadilika. Vyote viwili vinamwangalia zaidi mwajiri na sheria za nchi. Lakini chama kikitangulia kutoa muhtasari, muhtasari ndio unaosomwa, na kwetu hakuna aliyeuliza mkataba wenyewe uko wapi hadi Mei.

Jaribio la karatasi tupu ndilo lililofaa kuliko yote, na halikugharimu kitu. Wanakamati watano walikuwa wameisoma rasimu bila kuona pengo la saa za ziada. Sisi tulifanya kazi zamu ya mchana. Aliyeliona ni yule aliyekuwa na saa 96.

Barua ya pili nayo ilikuwa na tundu. Kifungu cha 3 na cha 4 vilishika mshahara wa 31 Desemba kama msingi wa hesabu, na wafanyakazi wanne walikuwa wamepandishwa daraja Februari. Je, asilimia 3 ya Julai kwao ni ya daraja la zamani au jipya? Mkataba haukusema, na mimi nikawapa nakala ya daraja lao jipya bila kuwaza. Walipoona Julai tarakimu pungufu kuliko za barua, walikuja na barua mkononi. Suala lilikwenda kwenye kamati ya pamoja ya chama na mwajiri, likachukua hadi Septemba, na likaisha kwa nyongeza ya ukurasa mmoja kwenye mkataba: aliyepanda daraja ahesabiwe kwa kiwango cha 31 Desemba cha daraja alilopandia. Ukurasa huo nilitoa nakala nne, nikampelekea kila mmoja wao mwenyewe, na tarakimu zake zimeandikwa pembeni.